Mchemraba uondolewe katika somo la seli?

Mzazi, Chake Chake: Binti yangu kafundishwa kuwa mchemraba wa sentimita 1 una uwiano wa 6 (eneo la uso kwa ujazo), wa sentimita 2 una 3, na kwamba ndiyo sababu seli ni ndogo. Mie nikaupima ule wa kwanza kwa milimita: eneo 600, ujazo 1000, uwiano 0.6. Kitu kile kile! Hesabu hii si iondolewe skuli?

Mwanachuo, Tunguu: Isiondolewe, mzee wangu. Seli ikiwa kubwa chakula kinapita polepole zaidi kwenye utando wake, basi.

Fundi wa maabara, Unguja: Hapana, mwendo ni ule ule. Tulipika aga yenye alkali na fenolfthalini, ikawa ya waridi, tukakata michemraba tukaitosa kwenye asidi. Asidi ilipopenya nusu sentimita kila upande, mdogo ulikuwa mweupe wote. Wa sentimita 2 ulibaki na kiini cha waridi cha sentimita 1, yaani sehemu moja ya nane. Wa sentimita 3 ulibaki na 8 katika 27, karibu thuluthi. Asidi haikuchoka, safari ndiyo ndefu.

Na mzazi yuko sahihi: uwiano huu una kipimo. Ni 6 kwa sentimita, ambayo ni 0.6 kwa milimita. Linganisha michemraba yote kwa kipimo kimoja, wa pili utakuwa nusu ya wa kwanza siku zote. Kosa ni kuandika 6:1 ukanyamaza.

Mkulima wa mwani, Paje: Mbona mwani wangu unanenepa kila bamvua na haufi?

Fundi wa maabara: Bi mkubwa, huo unaongeza idadi ya seli. Kata mchemraba wa sentimita 2 vipande vinane: ujazo unabaki 8, eneo linatoka 24 hadi 48.

Mkulima wa mwani: Na vile vipira vya kijani vinavyong'aa miambani? Ukikitoboa ni maji matupu.

Fundi wa maabara: Hapo umenishika. Vingi ni Valonia, na kila kipira ni seli moja, pengine kubwa kama gololi. Ila sehemu hai imetandazwa nyembamba ukutani, na ina viini vingi. Katikati ni maji. Mchemraba wetu unadai seli imejaa uhai hadi katikati.

Mzazi: Basi mchemraba unadanganya!

Mwanachuo: Unadanganya kwa kipira. Seli ya ini je, iliyojaa kweli?

Mzazi: Basi mtihani uulize umbali wa kutoka ukutani hadi katikati, uwiano usipewe alama.

Fundi wa maabara: Hapo sikubaliani. Umbali unakueleza kuchelewa tu. Mahitaji yanakua na ujazo, mlango unakua na eneo. Hata ungekoroga ndani kila kitu kifike upesi, mlango ungebaki mdogo.