Shule imemtumia marehemu shemeji yangu salamu za Eid, na Eid yenyewe si hiyo!

Mwana_Ujiji (mwanzisha uzi)

Wadau, nina hasira na sitaficha. Kuna shule binafsi hapa Kigoma wanaposoma watoto wawili wa dada yangu. Shemeji alifariki mwishoni mwa Shaabani, dada bado yuko kwenye eda, miezi minne na siku kumi hazijatimia. Asubuhi ya Eid hii ya Juni 2025, watu wanatoka kuswali, simu yake ikaingia meseji. Naiweka kama ilivyo, majina tu nimeyatoa:

"Assalam aleykum ndugu mzazi (JINA LA MAREHEMU). Uongozi wa shule unakutakia Eid el-Fitr njema 1445. Mwenyezi Mungu azikubali funga zako na atukutanishe tena Ramadhani ijayo. Wenu, Baba na Mama (JINA LA WATU WENGINE), Tandika."

Mtu tumemzika, anaambiwa tukutane Ramadhani ijayo! Dada aliisoma mara mbili, akampa binti yake mkubwa simu, akaingia ndani. Hakutoka mpaka adhuhuri.

Halafu angalieni mengine. Eid el-Fitr ni Mfunguo Mosi, tumeshaiswali zaidi ya miezi miwili iliyopita. Hii ni ya kuchinja, mwezi kumi Mfunguo Tatu. Mwaka ni 1446, na umebakiza wiki tatu tu uishe. Na hao wa Tandika ni akina nani? Shule iko Kigoma, Tandika iko Dar! Kuna mtu pale ofisini alifowadiwa salamu na familia yake, akazikopi na mkia wake wote, akawatupia wazazi.

Msiniambie habari za mwezi kuandama. Eid ndogo naelewa, mnangoja usiku wa mwezi 29 mpaka itangazwe, mtu anaweza kuteleza siku. Eid kubwa mwezi ukishaandama una siku tisa mbele yako za kuandika meseji ya mistari minne na kuisoma.

Mama_Kasulu

Pole sana, kaka. Mpe dada mkono wa pole.

Kalamu_Nyekundu

Pole ndugu. Ila kwenye "funga" tusiwahukumu haraka. Eid kubwa nayo ina funga, ile ya Arafa, mwezi tisa. Anayefunga anaombewa vizuri tu ikubaliwe. Na kuhusu siku, wapo wanaofuata Makka na wapo wanaofuata mwezi wa hapa, kwa hiyo salamu ikitangulia siku moja si kosa.

Mwana_Ujiji

Siku sijailalamikia, ndugu yangu, isome tena. Na Arafa nakubaliana nawe, ni funga na ina fadhila zake. Lakini ni siku moja, hawakuandika "funga zako" kwa ajili yake. Ukiweka pamoja na "el-Fitr" na "Ramadhani ijayo" inajulikana imetoka wapi.

Paroko_Hapana

Mimi Mkristo na kila Eid napokea salamu hizi, sijawahi kulalamika. Tuvumiliane kwenye imani za wenzetu.

Mwana_Ujiji

Sisi ni Waislamu, tumetumiwa salamu za Kiislamu. Nani kazungumzia imani hapa? Aliyetumiwa amefariki, hilo ndilo naloongelea.

Mhasibu_wa_Mwanga

Nimewahi kufanya kazi ya kutuma meseji hizi kwenye taasisi, si hiyo shule. Nikueleze zinavyokwenda, uone pa kuwashika.

Kuna vitu viwili tofauti. Kwanza maandishi. Mfumo wa meseji za jumla unatunza kila ulichotuma, na mtu wa zamu sikukuu ikifika anafungua cha zamani, anabonyeza kutuma tena. Ile 1445 inakuonyesha: hiyo ni meseji ya Eid ndogo ya 2024, haikuandikwa upya. Na kama mkia wa Tandika ulikuwemo tangu hapo, basi wazazi walishaupokea mwaka jana na hakuna aliyesema. Hebu ulizia.

Pili majina. Hayakai kwenye meseji, yanatoka kwenye faili la Excel, safu moja jina, safu ya pili namba. Faili hilo mara nyingi linapakiwa mara moja mwaka wa kwanza na halirudiwi. Daftari la uhasibu ni jingine kabisa. Nikuulize: karatasi ya ada ya muhula huu imekuja kwa jina la nani?

Mwana_Ujiji

Kwa jina la dada. Tuliwapelekea taarifa ya msiba wenyewe, na mwalimu wa darasa alikuja matangani. Ndiyo maana naumia. Wanapodai ada wanajua nani mjane, wanapotoa salamu hawajui!

Mhasibu_wa_Mwanga

Basi ofisi inajua na faili la meseji halijui. Ila kabla hujaenda, hakikisha jambo moja. Waulize wazazi wawili watatu majina yao yalikuja sawasawa au la. Yakiwa sawa, kosa ni faili kutorekebishwa. Ukimpata hata mmoja aliyeitwa kwa jina la mzazi mwingine, kuna tatizo zaidi. Mtu alipanga safu ya majina kwa alfabeti akaiacha safu ya namba palepale. Majina yanahama, namba inapata jina la mtu mwingine. Hapo hata jina la shemeji kuangukia kwenye simu ya dada inabidi uliangalie upya.

Mwana_Ujiji

Namba hiyo ilikuwa ya shemeji, dada ndiye anaishika sasa. Kwa hiyo jina na namba vinalingana. Lakini jirani yetu mmoja wa Katubuka anasema yeye kaitwa "Bi" na jina asilolijua, na yeye ni mwanaume. Nilidhani kakosea kusoma.

Mhasibu_wa_Mwanga

Huyo usimwache. Inawezekana waliongeza wazazi wapya chini ya faili na wakapanga kipande hicho tu. Siwezi kuapa bila kuliona faili.

Binti_Tabora

Huku Tabora duka moja la vifaa vya ujenzi lilitutumia Desemba "Heri ya Jamhuri Dei, 12 Desemba". Hiyo ni ya Wakenya! Sisi tuna tarehe 9, Uhuru wa Tanganyika wa 1961. Nilipiga simu, muuza duka akaniuliza kama nataka saruji.

Mama_Kasulu

Kaka, dada amejaribu kuwajibu?

Mwana_Ujiji

Amejaribu. Imeingia kwa jina la shule, haina namba, jibu halitoki. Hata ukitaka kuwaambia "mhusika ni marehemu" huna pa kuandika.

Kalamu_Nyekundu

Nimesoma tena. Naondoa neno langu la Arafa. Ila bado nasema aliyetuma hakukusudia.

Mwana_Ujiji

Sijasema alikusudia. Nimesema hakusoma.

Mhasibu_wa_Mwanga

Meseji ya kawaida ikishatoka hairudi, si kama WhatsApp ambayo unaweza kuirekebisha ndani ya dakika 15. Kwa hiyo usiwadai waifute. Wadai jina lifutwe kwenye faili la meseji, na ukae palepale mpaka wakutumie ya majaribio kwenye namba hiyo hiyo. Wakikwambia "tumesharekebisha kwenye mfumo" waulize mfumo upi. Maulidi inakuja Mfunguo Sita, wasipogusa faili atasalimiwa tena.

Mwana_Ujiji

Jumatatu nakwenda na huyu wa Katubuka, kila mmoja na simu yake. Na mzazi yeyote wa shule za huku aliyepokea mkia wa Tandika mwaka jana, aweke picha ya skrini hapa, afiche jina.