Inveta ya kilowati 3, 5 au 8: ipi inafaa nyumba ambayo vyombo vyake havifanyi kazi kwa pamoja?

Mkazi wa Chumbageni
Wanajukwaa, mafundi wawili wamefika nyumbani kwangu hapa Tanga na wameniacha njia panda. Wa kwanza alipita chumba hadi chumba akiandika wati za kila chombo: taa 12 za wati 9, feni 5 za wati 60, runinga na king'amuzi wati 120, friji 150, friza 200, pampu ya maji 1,100, birika la umeme 2,000, pasi 1,200, blenda 400 na chaji za simu 100. Jumla ikakaribia wati 5,700, akaongeza za tahadhari, akanishauri ninunue inveta ya kilowati 8. Wa pili alitazama karatasi hiyo hiyo akasema kilowati 3 zinatosha, lakini hakueleza kwa nini. Dukani nimeona pia ya kilowati 5. Ningependa kujua hesabu iliyo nyuma ya kila jibu.

Kijana wa Makorora
Dada, fundi wa pili yuko sahihi. Sisi hujumlisha wati zote kisha tunagawanya kwa mbili, kwa sababu hakuna nyumba inayowasha kila kitu kwa wakati mmoja. Nusu ya 5,700 ni 2,850, kwa hiyo kilowati 3 zinakutosha na chenji inabaki.

Fundi Mstaafu, Ngamiani
Mwanangu wa Makorora, umeshika nusu ya jambo. Ni kweli kwamba mizigo hupishana: friji hupumzika kompresa yake inapofikisha ubaridi, pasi hujizima na kujiwasha yenyewe, na birika huchemsha kwa dakika tano kisha likakaa saa nyingi bila kazi. Lakini kugawanya kwa mbili kunachukulia kwamba kupishana huko ni bahati nasibu iliyo sawa katika kila nyumba, wakati kwa hakika kila chombo kina sababu yake ya kuwaka. Vyombo hupishana pale tu sababu zao zinapokuwa mbalimbali. Sababu ikiwa moja, vyote huamka pamoja.

Dada wa Chumbageni, iache karatasi ya fundi kwanza, uniambie mambo mawili. Pampu yako inawashwa na nani? Na mita yako ya LUKU ina taa ndogo inayomweka, ambayo pembeni yake pameandikwa idadi ya mimweko kwa kila uniti?

Mwenye Nyumba ya Wageni, Raskazone
Mimi niliamini mambo haya ya kupishana yakanigharimu. Nina vyumba sita vyenye viyoyozi, na aliyenifungia inveta alihesabu kwamba vitatu tu ndivyo vitakavyofanya kazi kwa wakati mmoja. Mwezi wa Julai hapakuwa na tatizo lolote. Ilipofika Januari, wageni wote walirudi saa nne usiku wakiwa wametota jasho, kila mmoja akawasha chake, na inveta ikazima jengo zima. Kwa hiyo nakushauri ununue ya kilowati 8 ulale usingizi.

Fundi Mstaafu, Ngamiani
Pole sana, ndugu yangu, lakini kisa chako kinathibitisha ninachosema: joto la Januari ni sababu moja kwa vyumba vyote sita. Dada hana kiyoyozi hata kimoja. Dawa ya nyumba yako haiwi dawa ya nyumba yake.

Baba Mwana, Pongwe
Naona mnazunguka. Kwa matumizi hayo anahitaji paneli zisizopungua nane, la sivyo betri haitafika asubuhi.

Mkazi wa Chumbageni
Shukrani, Baba Mwana, ila suala langu si betri itadumu saa ngapi, bali ni mzigo mkubwa kiasi gani inveta itabeba kwa mara moja.

Shikamoo Fundi. Pampu huwashwa na boya la tangi: maji yakishuka, inawaka yenyewe. Mita yangu imeandikwa mimweko 1,000 kwa uniti.

Fundi Mstaafu, Ngamiani
Marahaba. Basi kila mmweko ni saa-wati moja, na ukihesabu mimweko ya dakika moja ukazidisha kwa 60 unapata wati zinazotumika wakati huo. Hesabu saa moja na nusu usiku, nyumba ikiwa na watu wote. Kisha washa birika uhesabu tena.

Mkazi wa Chumbageni
Nimehesabu kwa siku tatu. Bila birika nilipata mimweko 16, yaani wati 960. Birika likiwaka ikawa 49, yaani wati 2,940. Jana, nikiwa katikati ya kuhesabu, pampu ikawaka pia, nikapata 67, yaani wati 4,020. Watoto walikuwa wanaoga.

Fundi Mstaafu, Ngamiani
Umelijibu swali lako mwenyewe. Boya halichagui saa ovyo: linaita pampu pale maji yanapotumika, na maji hutumika magharibi watu wanapooga, saa ile ile ambayo jikoni wanachemsha chai. Katika mwezi wa Ramadhani ongeza blenda ya juisi. Kwenye karatasi birika na pampu ni vitu viwili visivyojuana, lakini nyumbani kwako vina saa moja.

Kwa hiyo mzigo wako halisi ni takribani kilowati 4, si 5.7. Hiyo ya 8 inazidi haja, na gharama yake si bei ya dukani peke yake. Inveta hula umeme hata nyumba ikilala: inayokula wati 60 itakumalizia karibu uniti moja na nusu kwa siku kabla hujawasha taa.

Inveta ya kilowati 3 itakubeba kwa sharti kwamba pampu na birika visikutane, wala birika na blenda. Mwondolee boya mamlaka, weka taimu ijaze tangi saa sita mchana, na pasi ibaki kwenye soketi zisizopitia inveta. Bado kuna kuwaka kwa pampu. Mota ya namna hiyo, kwa chini ya sekunde moja, huvuta mara nne hadi sita ya kawaida yake, yaani wati 4,400 au zaidi, juu ya zile ambazo nyumba tayari inatumia. Maandishi ya inveta husema inavumilia mara mbili ya uwezo wake, lakini angalia inavumilia kwa muda gani. Angalia pia kama hiyo "3" ni kilowati au ni kVA, kwa sababu nyingine za 3 kVA hutoa wati 2,400 tu, na hapo birika lako pamoja na mzigo wako wa kawaida wa jioni vimekwisha kuizidi.

Kijana wa Makorora
Nakubali kuhusu boya, Mzee. Ila kwangu kuna jambo ambalo sijalielewa: ya kwangu ikizidiwa huzima, ikijiwasha tena huzima papo hapo, hata kama birika nimeshalichomoa.

Fundi Mstaafu, Ngamiani
Friji na friza. Umeme ukirudi, kompresa zote huamka kwa sekunde ile ile. Chomoa friza kisha uwashe: ikikaa, umempata mchawi. Vile vifaa vya kuchelewesha umeme wa friji husaidia, lakini kama vyote viwili vimewekewa dakika tatu, vitaziamsha pamoja tena. Kimoja kiwe na muda tofauti.

Mwenye Nyumba ya Wageni, Raskazone
Mimi bado ningenunua ya 5. Taimu huharibika, na mgeni hakuulizi kabla ya kufungua bomba.

Fundi Mstaafu, Ngamiani
Hapo sikupingi. Kwa mtu asiyetaka kuwasimamia watu wa nyumbani, 5 ni jibu la haki, ila betri yake nayo iweze. Betri ya volti 51.2 yenye kinga ya ampea 100 inatoa takribani kilowati 5. Ya volti 25.6 yenye kinga hiyo hiyo inatoa nusu yake, na kinga ikikata, nyumba huwa giza ingawa inveta haina kosa.

Mkazi wa Chumbageni
Nimefunga taimu leo kabla ya kununua chochote, na nitaendelea kuhesabu mimweko kwa wiki mbili. Kilichobaki ni kishindo cha pampu kuwaka, ambacho mita hainionyeshi. Kuna mwenye kipimo cha kubana waya kinachoshika kilele cha ampea, aje Chumbageni Jumamosi?