Mkataba wa pango wa dola umerudishwa Mbeya: nitumie kiwango kipi?

Dada wa Uyole (Reading)
Kamwene wapendwa. Mkataba wangu wa fremu ya Mwanjelwa, dola 300 kwa mwezi, umerudishwa jana ulipopelekwa kulipiwa ushuru wa stempu. Pembeni wameandika kwa kalamu nyekundu: "Bei iwe kwa shilingi." Ni zile kanuni za BOT za Machi 2025. TIN ninayo, mpangaji hana neno. Naomba kujua tu: nikigeuza, nitumie kiwango cha siku tuliyosaini au cha siku ya kulipa?

Kaka wa Tukuyu (Minneapolis)
Pole dada. Mimi naona tunanyang'anywa kitu kinachotusaidia. Dola ni imani ya kuazima. Nchi ambayo benki kuu yake haiaminiki ikiacha kuchapa, bei zinatulia. Zimbabwe walihamia dola 2009 na mfumuko ule wa kutisha ukakoma.

Mzee wa Mafinga (Aarhus)
Kaka, hapo umeishia katikati. Ulikoma kweli, kwa sababu serikali haikuweza kuchapa noti ya dola. Lakini kuandika "dola" kwenye vitabu vya benki iliweza, na shimo lilikuwa hapo.

Hazina ilipopungukiwa ilikopa benki kuu na kuuza hati fungani kwa mabenki. Mwalimu akalipwa mshahara, akaona dola 400 kwenye akaunti, akanunua unga kwa kadi. Mwenye duka naye akaona dola zimeingia. Shida ilianza alipotaka kumlipa msambazaji wa Afrika Kusini. Malipo hayo yanahitaji dola halisi ambazo benki imeziweka nje ya nchi, na hizo hazikuongezeka. Zilizoongezeka ni tarakimu.

Dalili huonekana mapema. Foleni za benki, kikomo cha kutoa fedha, halafu duka moja linakuwa na bei mbili: ya noti mkononi, na ya kadi iliyo juu zaidi. Ukiona hivyo, ujue dola ya kwenye akaunti si dola tena, hata sheria ikisema ni sawa. Novemba 2016 wakatoa noti zao za dhamana, wakasema moja ni sawa na dola moja. Oktoba 2018 wakatenganisha akaunti za dola halisi na zile nyingine. Februari 2019 soko la fedha za kigeni likafunguliwa, 2.5 za akaunti hizo nyingine kwa dola moja halisi. Aliyekuwa na 10,000 kwenye akaunti hizo nyingine akabaki na thamani ya 4,000, na kiwango kikaendelea kuporomoka.

Binti Rungwe (Oslo)
Basi dawa ni bodi ya sarafu, si dola. Wakoloni walikuwa nayo, shilingi 20 kwa pauni, na kila noti ilikuwa na dhahabu yake London.

Mzee wa Mafinga
Binti, dhahabu umeitoa wapi? Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanza 1919, iliweka akiba yake kwenye hati za Uingereza. Tena kwa miaka mingi akiba haikutosha noti zote, kwa sababu ya hasara ya kubadilisha rupia. Watu waliamini kwa kuwa London ilikuwa nyuma yake.

Kazi yake ilikuwa hii: benki inalipa pauni 1,000 London, bodi inatoa shilingi 20,000 huku. Ukirudisha shilingi, unapewa pauni kule. Basi. Kwa miaka mingi haikukopesha serikali wala kuokoa benki inayozama. Kwa hiyo bei ya kahawa ya Mbozi ikianguka, pauni zinapungua na noti nazo zinapungua, hata kama fundi wa Mbeya ana kazi na wateja. Mwaka 1966 nchi zetu zikaanza benki kuu zao, na hiyo ni sababu mojawapo.

Kaka wa Tukuyu
Mbona Hong Kong wamedumu? Dola yao ilifungwa kwenye 7.80 kwa dola ya Marekani tangu 1983.

Mzee wa Mafinga
Wamedumu kwa sababu wanakubali maumivu. Fedha zikikimbia, riba inapanda, na hakuna anayeizuia. Baada ya 1998 bei zao zilishuka miaka kadhaa mfululizo, na kiwango hakikuguswa. Nikuulize: mbunge wetu gani atasimama jimboni aseme mshahara wa mwalimu upunguzwe ili kiwango kibaki? Wakikataa hilo, imani ya kuazima hurudi kwa mwenyewe.

Binti Rungwe
Bado naona afadhali bodi kuliko noti zisizo na mpaka. Hatujakubaliana, mzee wangu.

Dada wa Uyole
Shikamoo mzee, asante, nimejifunza. Lakini mkataba bado uko mezani. Siku ya kusaini au siku ya kulipa?

Kaka wa Tukuyu
Mpe wakala aulize dirishani, dada. Kwani fremu ni upande wa sokoni au wa stendi ya daladala? Na kuna anayejua parachichi Rungwe zinanunuliwaje msimu huu? Huku nimeona moja dola mbili, nikakumbuka zinavyooza chini ya miti kwa bibi.