Ushauri: rimu za Hiace na taa za mbele, nina picha tu

Dagaa_Mkavu: Habari wadau. Hiace yangu inabeba abiria Mwanza–Magu, na siku nyingine inapakia magunia ya dagaa Kirumba Mwaloni. Muuzaji wa Dar kanitumia picha za rimu nne za spoti za nati sita na taa mbili za mbele. Mgongoni mwa rimu nasoma JWL, VIA, 15x6JJ na MAX LOAD 690KG. Rimu ya nne pale penye kilo pamesagwa. Taa zina duara lenye E4 na herufi HCR, mshale hakuna. Anadai E4 ni Uholanzi kwa hiyo ni mali safi. Mzani ulisoma ekseli ya nyuma kilo 1,640 gari likiwa limejaa. Nilipie?

Chuma_Igoma: JWL na VIA zipo, hiyo ni orijino, chukua. Taa isiyo na mshale inafaa barabara za pande zote.

Fundi_Nyakato: Chuma, JWL si cheti cha uorijino. Ni alama ya mtengenezaji kwamba rimu imetimiza kipimo cha Kijapani cha magari madogo ya abiria, na VIA inaongeza kwamba modeli hiyo ilihakikiwa na watu wa nje ya kiwanda. Rimu za malori na mabasi huandikwa JWL-T.

Ila hapa hata hatuhitaji kubishana kuhusu herufi, maana kilo zimeshajibu. 1,640 ukigawa kwa magurudumu mawili ni 820. Rimu imepewa 690, kwa hiyo kila moja imezidiwa kilo 130, na hapo nimechukulia mzigo umekaa sawasawa. Magunia yakiegemea upande mmoja, gurudumu la upande huo linabeba zaidi ya 820. Rimu iliyozidiwa haivunjiki siku ya kwanza. Ufa huanza taratibu nyuma ya miguu ya rimu, karibu na matundu ya nati, mahali ambapo ukisimama nje ya gari hupaoni. Nyuma zisikae kabisa.

Mama_Buzuruga: Mimi nina IST, taa zimekuwa za njano kama chai ya maziwa. Nizisugue na dawa ya meno?

Fundi_Nyakato: Dada, huko ni kufubaa kwa kioo, fungua uzi wako tutakujibu.

Dagaa, taa hizo usizilipie. Namba ya E inataja nchi iliyotoa kibali, haisemi taa ilitengenezwa wapi. La maana ni mshale. Taa yenye E ikikosa mshale ni ya nchi zinazoendesha kulia. Mwanga wake wa chini unapanda upande wa kulia, yaani kwetu unampiga machoni dereva anayekuja. Kukaza skrubu hakusaidii, kwa sababu kunashusha au kusogeza mwanga wote, umbo lake linabaki lilelile. Tafuta mshale unaoelekea kulia kwako ukiwa umesimama mbele ya taa unaitazama. Wenye ncha mbili ndio wa pande zote.

Chuma_Igoma: Mbona taa nyingi za Japani hazina mshale na zinamulika vizuri?

Fundi_Nyakato: Hizo mara nyingi hazina hata E, zina jina la kiwanda na namba tu, na Japani wanaendesha kushoto kama sisi. Bila E, kukosekana kwa mshale hakuthibitishi kitu. Iwashe mbele ya ukuta uone mwanga unapandia wapi: kushoto ni salama. Na HCR ni ya balbu ya halojeni. Ukiweka zenoni humo mwanga utatawanyika.

Roda_Nyegezi: Ile rimu ya nne je? Huenda ilisuguliwa na breki.

Fundi_Nyakato: Breki ikisugua huacha mkwaruzo wa mviringo unaozunguka rimu nzima. Doa moja lililosagwa juu ya maandishi ni kazi ya mkono.

Roda_Nyegezi: Au palichomelewa, wakalainisha. Picha moja haitoshi kumhukumu mtu.

Dagaa_Mkavu: Rimu nimeacha. Niliwaza zikae mbele tu, lakini ekseli ya mbele sijaipima. Muuzaji katuma picha ya taa nyingine, E na HCR zipo, mshale unaelekea kushoto.

Fundi_Nyakato: Mshale wa kushoto peke yake haumo kwenye alama hizi. Hebu soma herufi R vizuri, imekaa sawa?

Dagaa_Mkavu: Imegeuka! Na E nayo.

Fundi_Nyakato: Kapiga kwa kamera ya mbele ya simu, picha imepinduka. Mshale wenyewe unaelekea kulia, taa inatufaa. Mwambie apige upya kwa kamera ya nyuma, na taa ya pili pia. Jozi za mtumba huchanganywa, moja ya nchi zinazoendesha kushoto na moja ya zinazoendesha kulia, na kwa mbali huwezi kuzitofautisha.