Re: Excel yangu inasema 12, ya kaka inasema 9, nani muongo?

Mwajuma (Hamburg), 17 Juni 2024

Habari za wikendi wapendwa. Naombeni msaada kabla hatujagombana kwenye familia. Mimi na kaka yangu tulijenga vyumba vya kupangisha Kibaha, sasa dalali kaja na mteja, anasema tukiuza mwezi huu tunapata milioni 45. Tunataka kujua hela yetu imezaa asilimia ngapi kwa mwaka, maana mume wangu anasema bora ningeziacha tu benki. Hesabu ndo hizi kwa milioni za shilingi, 2024 nimejumlisha kodi 9 na bei ya nyumba:

```
2019   -30
2020   -20
2021
2022     9
2023     9
2024    54
```

2021 vyumba vilikaa vitupu, umeme ulikuwa haujafika. Mwanzoni fomula ilinigomea, inaandika `#NAME?`, mpaka jirani akaniambia Excel ya Kijerumani haijui IRR, inaitwa IKV. Nikaandika `=IKV(B2:B7)` ikanipa 12%. Kaka yuko Dar, Excel yake ya Kiingereza, namba zilezile anapata 9%. Je Wajerumani wanahesabu tofauti??

Baraka (Houston)

Dada Mwajuma pole na majukumu. Mbona mnajisumbua, chukua mlichoingiza chote 72, toa mlichotoa 50, faida 22. 22 kwa 50 ni asilimia 44, gawa miaka 5 unapata 8.8. Kaka yako yuko sawa, hiyo ya Kijerumani achana nayo, mimi biashara zangu zote napiga hivyo na simu tu.

Mzee Salim (Maskati)

Mwajuma mwanangu, IKV na IRR ni kitu kimoja, wamebadilisha jina tu. Tatizo liko hapo 2021. Nina hakika wewe ulipaacha wazi na kaka yako aliandika 0. Hii fomula ikikuta seli tupu haisemi "mwaka huu hakuna kitu", inairuka kama haipo kabisa, kwa hiyo kwako kodi ya 2022 imehesabiwa kama imeingia 2021, ya 2023 imekuwa ya 2022, na mauzo yamesogea mpaka 2023. Mradi wa miaka 5 umegeuka wa miaka 4, ndo maana asilimia imepanda. Andika 0 pale kisha niambie. Na angalia pia usije ukawa umeandika "9 mil" mahali, seli yenye maneno nayo inarukwa na hailalamiki.

Baraka, 8.8 yako imekaribia 9 kwa bahati. Jaribu hivi: hiyo 54 iweke 2022, halafu 9 na 9 zije 2023 na 2024. Jumla ni ileile 72, kwako itabaki 8.8, lakini fomula itakupa kama 13.1, kwa sababu hela kubwa imerudi miaka miwili mapema. Njia yako haioni hela imerudi lini.

Mwajuma

Shikamoo mzee. Yani nimeweka sifuri tu imeshuka 9.0 palepale! Kaka ananicheka mpaka sasa. Asante sana, japo roho imeniuma kidogo nilishamtangazia mume wangu 12.

Neema (Toronto)

Jamani na mimi nidakie hapohapo, nina bajaji mbili Mwanza, mdogo wangu ananitumia hesabu kila mwezi, nimeziweka zote kwa IRR toka mwezi niliponunua, imenipa 2%. Asilimia mbili! Benki ya nyumbani si wanatoa zaidi ya hapo? Nimeshamwambia atafute mteja wa kuziuza.

Mzee Salim

Neema mpigie mdogo wako haraka asiuze. Fomula haijui kama mstari wako ni mwezi au mwaka, inakupa jibu kwa kila mstari mmoja. Kama mistari yako ni ya miezi basi hiyo ni 2% kwa mwezi. Kwa mwaka usizidishe mara 12, andika

```
=(1+0.02)^12-1
```

itakuja kama 26.8%. Ila niulize, matairi na injini za kufungua umezitoa humo, au mdogo wako anakutumia tu kilichobaki na matengenezo makubwa unamtumia wewe pembeni? Na mwisho wa safu umeweka bei gani ya kuuza hizo bajaji?

Neema

Marahaba... samahani, shikamoo mzee 😂 Matengenezo makubwa natuma pembeni, sijayaweka. Ngoja nitafute meseji za miamala.

Mzee Salim

Marahaba. Sasa Mwajuma, hata 9 yenu bado si ya mwisho, maana IRR inadhani kila mstari umeachana na mwenzake mwaka mzima kamili. Hela za kiwanja na za finishing zilitoka tarehe ngapi hasa? Kama una risiti tumia XIRR, hiyo inasoma tarehe, na mwaka mtupu huna haja hata ya kuuandika. Kwako itaitwa XINTZINSFUSS, na katikati weka nukta-mkato badala ya koma:

```
=XINTZINSFUSS(B2:B6;A2:A6)
```

Mwajuma

Nimezipata kwenye wasap ya kaka: 10/02/2019 -30, 20/11/2019 -20, 05/03/2022 na 05/03/2023 kodi 9 kila mara, na tukiuza 25/06/2024 ndo 54. Imekuja 8.3%. Imeshuka tena! Nadhani ni kwa vile ile 20 ilitoka mwaka uleule wa kwanza, siyo baada ya mwaka.

Baraka

Mzee nimekopi tarehe za dada kwenye Excel yangu nikaweka XIRR, inaniletea `#VALUE!` tu.

Mzee Salim

Ndo hivyo Mwajuma, na mauzo nayo yamechelewa mpaka Juni. Baraka, kompyuta ya Marekani inasoma mwezi kwanza. 20/11 haina mwezi wa 20 kwa hiyo imebaki maneno, utaiona imeegemea kushoto mwa seli, na hiyo moja inatosha kukwamisha fomula. Ya hatari ni 10/02, hiyo imekubali lakini umepata tarehe 2 Oktoba. Andika 2019-02-10, hiyo inaeleweka kote.

Baraka

Imekubali, 8.3. Ila jamani hiyo 45 ya dalali mmeiamini? Nimeweka mauzo 35 kwenye ile ya kwanza ya miaka, 9 imeshuka mpaka kama 5.3. Nyumba nzima inategemea mdomo wa dalali!

Mwajuma

Kaka anasema mteja ni wa kweli, mimi sijui, hajatoa hata shilingi ya kishika uchumba. Na hizi ni shilingi, mimi nilituma euro. Nibadilishe?

Mzee Salim

Badilisha, lakini kila mstari kwa bei ya euro ya siku ile ile uliyotuma. Ukibadilisha zote kwa bei ya leo utapata 8.3 ileile na hutakuwa umejua kitu.

Baraka

Hapo mzee tunatofautiana. Kama hela anaingiza kwenye kiwanja kingine hukohuko, euro ya nini?

Mwajuma

Nitaweka safu mbili, ya shilingi kwa kaka na ya euro kwa mume. Kama kuna mtu amewahi kuuza kupitia dalali maeneo ya Kibaha anitafute inbox tafadhali.