Poligoni inavuja rangi kwenye mstari mmoja tu, naombeni msaada

kijana_wa_saketi
Wakuu, habari za jioni. Naandika kodi ya kujaza poligoni kwenye kioo kidogo chenye pikseli 128 kwa 64. Nimetumia njia ya kushuka mstari kwa mstari: kila mstari natafuta unakata kingo zipi, napanga x kuanzia ndogo, kisha najaza kati ya ya kwanza na ya pili, ya tatu na ya nne, na kuendelea. Ikibaki moja bila mwenza, kodi inajaza hadi mwisho wa mstari.

Pembetatu yangu ni A(2,1), B(10,5), C(4,9), y ikiongezeka kwenda chini. Inajaa vizuri isipokuwa y=5, ambapo rangi inatoka B na kwenda mpaka pikseli ya 127. Sharti langu la ukingo kuhesabika ni `ymin <= y <= ymax`. Mbona A na C hazileti shida, ilhali nazo ni vipeo?

mzee_wa_pwani
Hapo y=5 inakata AC kwenye x=3, AB kwenye 10 na BC kwenye 10. Ya tatu imekosa mwenza. Futa x zinazojirudia, tatizo limekwisha.

Bi_Mchoraji
Hapana mzee, hiyo itamponya kwenye B na kumuumiza kwingine. Chukua umbo kama herufi M, lenye bonde linaloshuka hadi (6,5), na kuta za nje x=2 na x=10. Kwenye y=5 unapata 2, 6, 6, 10, ambazo ni jozi mbili safi. Ukifuta 6 moja zinabaki 2, 6, 10 na uvujaji umerudi.

Kijana, swali lako la A na C ndilo lenye jibu. Pale kingo mbili zinaanza pamoja au zinaishia pamoja, kwa hiyo unapata x mbili, nazo zinalingana. Kwenye B ukingo mmoja unaishia na mwingine unaanzia hapohapo: mpaka ni ule ule wa kulia, lakini wewe unauhesabu mara mbili. Basi kila ukingo umiliki kipeo chake cha juu na uache cha chini: `ymin <= y < ymax`. Kwenye y=5, AB imeshatoka, BC imeingia, zinabaki 3 na 10. Kwenye M kingo zote mbili za bonde zinatoka, zinabaki 2 na 10. Kingo za mlalo usiziingize kabisa, maana ymin na ymax zake ni sawa.

Kwenye orodha ya kingo hai, mpangilio wa hatua ndio unaowachanganya wengi. Toa kwanza, ndipo uingize:

```python
hai = [e for e in hai if e.ymax > y]
hai += [e for e in kingo if e.ymin == y]
hai.sort(key=lambda e: e.x)
for a, b in zip(hai[0::2], hai[1::2]):
    for x in range(ceil(a.x), ceil(b.x)):
        weka(x, y)
for e in hai:
    e.x += e.dx
```

Hakikisha kwa mkono kwenye y=8: AC ipo 3.75, BC ipo 5.5, kwa hiyo zinawaka pikseli 4 na 5 tu. Kulia nako hatujumuishi mwisho, ili poligoni jirani iendelee pale hii ilipoachia.

ramani_tz
Samahani kwa kudandia uzi. Mimi nachora kata kwenye ramani na kati ya kata na kata naona nyufa nyeupe nyembamba. Ni jambo hilihili?

Bi_Mchoraji
Huenda. Kata zote mbili zina vipeo vilevile mpakani? Upande mmoja ukiwa na kipeo cha ziada katikati, x zinakokotolewa kutoka mwanzo tofauti na kukadiriwa tofauti, ufa unajitokeza.

ramani_tz
Vipeo ni vilevile, nimelinganisha. Ila programu inalainisha kingo.

Bi_Mchoraji
Basi ni habari nyingine. Pikseli ya mpakani inapata nusu ya rangi ya kata moja, kisha nusu ya nyingine juu yake, na robo ya mandhari nyeupe inabaki ikionekana. Kanuni hii haitakusaidia. Zima ulainishaji uone kama nyufa zinapotea.

mzee_wa_pwani
Nakubali kuhusu M. Lakini mimi napima katikati ya pikseli, y+0.5. Vipeo vya namba kamili havigusi mstari kamwe, kanuni ya nini?

Bi_Mchoraji
Siku atakapokuza umbo mara 1.5, ile y=5 itakuwa 7.5, na utakigusa. Pima katikati, sawa, ila kanuni ibaki.

kijana_wa_saketi
Nimebadilisha `<=` kuwa `<`, y=5 sasa inaishia pikseli ya 9. Swali moja: AC inaongeza 0.25 kila mstari, hiyo haina makosa. Ukingo wa kuongeza 0.1 je, haitapitiliza kidogo na `ceil` ikaruka pikseli?

Bi_Mchoraji
Inaweza. 0.1 ukiijumlisha mara tatu kwenye kompyuta inazidi 0.3 kidogo. Kwa kioo chako tunza baki kwa namba kamili: ongeza tofauti ya x, kila ikifika tofauti ya y iondoe kwenye baki na usogeze x kwa moja.

mzee_wa_pwani
Kwa mistari 64 mimi ningeacha desimali tu.