Nimeuziwa spidi mara mbili na NAT bado Type 3, kaka yumo kwenye pati lakini hatusikilizani (Tanga)

Mwana_Makorora

Wakuu, nimekuja kulia hapa maana kule kasta kea nimeshalia mpaka machozi yamekauka.

Nipo Makorora, Tanga mjini. Intaneti ni ya faiba, kampuni siitaji, nisije nikaitwa mchochezi. Nina PS4. Kila Ijumaa baada ya isha tunakutana kwenye pati watatu: mimi, kaka yangu yuko Mwanza, na mtoto wa bamdogo yuko Maskati. Sasa sikilizeni maajabu. Nikiingia pati nawaona wote wawili. Wa Maskati namsikia vizuri. Kaka simsikii, naye hanisikii, jina lake limekaa pale kama picha ya marehemu ukutani. Lakini kaka na wa Maskati wanasikilizana! Yaani mtu wa Oman ndiye anamfikishia mtu wa Mwanza matusi ninayomtukana nikiwa Tanga.

Kwenye mpira ndiyo usiseme. Natafuta mpinzani dakika kumi, kidude kinazunguka, mwisho kinaniambia muunganisho umeshindikana. Wakati huohuo mke wangu sebuleni anaangalia tamthilia bila hata kukwama.

Nimepiga simu mara tatu. Ya kwanza: "Zima uwashe." Ya pili: "Pakeji yako ndogo," nikapanda kutoka 10 Mbps kwenda 20, hela ikaenda. Ya tatu wakaleta fundi, akapima spidi kwa simu yake, akasema "hapa pako safi," akaomba maji ya kunywa, akaondoka. Waja leo waondoka leo kwelikweli.

PS4 inaandika `NAT Type 3`. Nimefuata video moja nikafungua poti 3074, 3478, 3479 na 3480 kwenye ruta yangu. Hakuna kilichobadilika. Huu si wizi ni nini?

Chungwa_la_Muheza

Pole mkuu. Hiyo ni DNS. Weka 8.8.8.8 na 8.8.4.4, mimi tangu niweke gemu zinashuka haraka sana.

Mzee_wa_Raskazoni

Faiba hizo zinasumbua mvua ikinyesha. Wangu juzi ulikata siku mbili, nguzo ilianguka karibu na shule. Ulishawapigia kuhusu nguzo?

Mwana_Makorora

Mzee wangu shikamoo, mtandao haujakata. Mtandao upo. Tatizo ni sauti na kupata mechi.

Chungwa, nimeweka. Bado Type 3.

Binti_Waya

Kaka, DNS kazi yake ni kutafuta jina liko kwenye anwani gani. Haigusi NAT, yaani ule ugeti wa ruta yako, hata kidogo. Na spidi ndiyo kabisa, wamekuuzia tairi kubwa wakati geti limefungwa.

Sauti ya pati na mechi nyingi za mpira za mtu kwa mtu haziendi kwenye seva kila mara. PS4 yako inajaribu kuzungumza moja kwa moja na PS4 ya mwenzio. Tamthilia ya shemeji ni tofauti: nyinyi ndio mnaobisha hodi kwa seva, seva inajibu, ruta inakumbuka kwamba mliita, inaruhusu jibu liingie. Lakini kaka yako akibisha hodi kwako, ruta inamuuliza nani kamwita, inamrudisha. Ndiyo maana spidi inapimika vizuri na pati imekufa.

Type 3 mara nyingi ni mbaya zaidi ya hapo. Ruta inakupa mlango tofauti kwa kila unayemwendea. Seva ya pati inaona umetokea mlango fulani, inamwambia kaka yako apite hapohapo. Akifika anakuta ukuta, kwa sababu mlango ule ulifunguliwa kwa ajili ya seva tu.

Na kisa chako cha Maskati kinanionyesha kitu. Huyo wa Maskati yuko wazi, ndiyo maana anawafikia nyote. Wewe umebanwa, na ninahisi kaka yako wa Mwanza naye kabanwa. Mmoja akiwa wazi wanaelewana. Wote wawili wakibanwa, kimya. Kwa hiyo msilaumiane bado.

Nijibu mawili. Kaka yako anatumia intaneti gani? Na umesema "ruta yangu". Ina maana kuna nyingine?

Mwana_Makorora

Kaka anatumia kile kisanduku cha laini ya simu.

Ndiyo zipo mbili dada. Kuna kisanduku cheupe cha kampuni pale dirishani faiba inapoingia. Waifai yake haifiki chumba cha uani, nikanunua ruta nyingine Barabara ya Nane, nikavuta waya. PS4 imechomekwa kwenye hiyo yangu.

Binti_Waya

Haya, tumefika. Ingia kwenye ukurasa wa ruta YAKO, tafuta palipoandikwa WAN, uniandikie namba.

Mwana_Makorora

```
WAN IP Address: 192.168.100.7
```

Binti_Waya

Hiyo ni anwani ya ndani ya nyumba. Ina maana ruta yako inadhani kisanduku cheupe ndiyo intaneti. Una mageti mawili yanayofuatana, na wewe umefungua poti kwenye geti la ndani tu. Kaka yako anagonga geti la nje, na hilo hata halina habari kwamba kuna PS4. Poti zako hazikukosewa, zimewekwa kwenye geti ambalo hakuna anayelifikia.

Fanya hivi. Kwanza futa zile poti zote ulizofungua. Halafu kwenye ruta yako tafuta `Operation Mode`, badilisha kutoka `Router` kwenda `Access Point`, uiache ijiwashe upya. Itaendelea kutoa waifai uani, lakini kazi ya ugeti inaacha. Anwani ya PS4 sasa itatoka kwenye kisanduku cheupe.

Kama ruta yako haina chaguo hilo (za bei ndogo nyingine hazina), ibadilishie anwani yake ya LAN iwe 192.168.100.2, zima DHCP yake, kisha chomoa waya kwenye tundu la WAN uchomeke kwenye tundu mojawapo la LAN. Matokeo ni yaleyale.

Gwiji_Ngamiani

Mnajisumbua. Weka PS4 kwenye DMZ, kila kitu kinafunguka, dakika mbili. Mimi nimefanya na Xbox yangu ikawa Open.

Binti_Waya

Gwiji, umepatia nusu. DMZ inasaidia ikiwekwa kwenye geti la nje. Akiiweka kwenye ruta yake ya uani ni yaleyale ya poti. Angeweza kwenda kwenye kisanduku cheupe na kuelekeza DMZ kwenye 192.168.100.7, hapo ingeweza kupita, ila mageti yanabaki mawili na siku anwani hiyo ikibadilika anaanza upya. Na tafadhali msiweke kompyuta kwenye DMZ, kila anayegonga kutoka nje anapelekwa kwake.

Gwiji_Ngamiani

Lakini inafanya kazi.

Mwana_Makorora

Nimerudi. Ruta yangu ina Access Point, nimeweka. Waifai ya uani ipo. Nimepima kwenye PS4... BADO TYPE 3. Dada nisikilize, nakaribia kukitupa kisanduku hiki baharini Raskazoni.

Mzee_wa_Raskazoni

Usitupe huku, tunaogelea.

Binti_Waya

Usitupe. Ingia sasa kwenye kisanduku cheupe, 192.168.100.1, jina na nenosiri viko kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake. Angalia mambo mawili. Moja, anwani yake ya WAN ni ipi? Usiibandike yote hapa, niambie tarakimu za mwanzo, kisha linganisha na ile inayoonyeshwa na tovuti za kukuambia IP yako. Pili, tafuta UPnP. Imewashwa?

Mwana_Makorora

WAN inaanza na 41, na tovuti inaonyesha ileile mpaka mwisho. UPnP imezimwa! Nani kaizima? Mimi sijawahi kuingia humu tangu waje kufunga!

Binti_Waya

Ilikuja hivyo. Wanaozima wana sababu yao, kwa sababu kifaa chochote ndani ya nyumba kinaweza kuomba mlango kupitia UPnP, hata kamera mbovu ya bei rahisi. Lakini fundi aliyekuja kwako na kuambiwa NAT angepaswa kuangalia hapo kabla ya maji ya kunywa.

Namba kuwa sawa ni habari njema: anwani hiyo ni yako peke yako. Washa UPnP, hifadhi. Zima PS4 kabisa, isiwe usingizini. Chomoa kisanduku, hesabu dakika moja, kichomeke, subiri taa zitulie, ndipo uwashe PS4. Ukiwasha PS4 kwanza inaweza kushikilia hali ya zamani. Kisha `Settings > Network > Test Internet Connection`.

Mwana_Makorora

TYPE 2 JAMANI!!!

Nimempigia kaka aingie pati. Namsikia! Mpaka jogoo wa jirani yake namsikia. Mechi imepatikana chini ya dakika. Type 1 naipataje sasa?

Binti_Waya

Achana nayo. Type 1 ni PS4 iliyochomekwa kwenye intaneti bila ruta katikati. Nyumbani, Type 2 ndiyo hali nzuri.

Kisanduku_Pangani

Dada na mimi nisaidie. Nina kisanduku cha laini kama huyo kaka wa Mwanza. UPnP ipo ON, ruta ni moja tu. WAN inaanza na 100.72, tovuti inaonyesha nyingine kabisa. Xbox inaandika Strict.

Binti_Waya

Ndugu yangu, kwako ni kugumu. Anwani kuanzia 100.64 mpaka 100.127 ni za kampuni kugawia wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Geti la pili lipo kwao, si kwako. UPnP yako inafungua la kwako, la kwao halisikii. Poti, DMZ, kuzima na kuwasha, hakuna kitakachosaidia.

Waombe anwani ya IP ya umma. Wengine wanatoa kwa malipo, wengine hawana kabisa kwenye laini. Vinginevyo utasikilizana na walio Open tu. Strict na Moderate hawapatani, Strict na Strict ndiyo kabisa. Ndiyo maana kaka wa Mwanza anasikika leo: aliyefunguka ni huyu wa Tanga, siyo yeye. Akiingia pati na mwingine aliyebanwa, kimya kitarudi.

Gwiji_Ngamiani

Aweke VPN.

Binti_Waya

VPN zinazompa mlango wa kuingilia zipo, nyingi hazitoi, na ping inapanda. Ajaribu kwa hela yake.

Kisanduku_Pangani

Nimewapigia. Wameniambia nizime niwashe.

Mwana_Makorora

Karibu kwenye chama.

Mimi kesho naenda ofisini kwao asubuhi na karatasi ya malipo. Nataka wanirudishe kwenye 10 Mbps na tofauti yangu ya mwezi huu. Dada, nikisema "UPnP ilikuwa imezimwa" watanielewa au nichapishe picha ya skrini?

Binti_Waya

Chapisha.

Chungwa_la_Muheza

Kwa hiyo DNS niitoe?